Barua ya Aliyecheka Getini

Barua ilifika Jumatatu asubuhi ndani ya bahasha ya kaki, imeandikwa kwa mkono kwa wino wa bluu, na Demetria Mkude alianza kuisoma akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi. Alipofika aya ya pili alikaa. Alipofika katikati alikiweka kikombe mezani bila kuangalia anakiweka wapi, na chai ikamwagikia barua za watu wengine.

*Ndugu Mhariri,*

*Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako nichangie mjadala huu wa kama doa ni haki au ni ukatili. Wiki iliyopita msomaji wako mmoja aliandika kwamba vipande vingi vya aibu hukatwakatwa ili kuwaonea watu. Inawezekana. Changu hakikukatwa.*

*Mimi nilikuwa mlinzi wa geti la kituo cha afya. Mama mmoja mwenye uchungu alifika hana kadi. Nikamwambia utaratibu ni kadi. Akakaa chini, pale pale nje ya geti. Nilicheka. Wapo walionitetea kwamba labda nilikuwa nacheka jambo jingine. Hapana. Nilimcheka yeye, namna alivyokaa. Mtoto wake hakupona.*

*Nasema hivi: kwangu mimi doa ni haki. Polisi waliandika maelezo yake wakafunga daftari. Kituo kiliunda kamati. Kama si lile doa, leo ningekuwa bado nimekaa getini na rungu langu. Sijaomba lifutwe na siombi.*

*Lakini aibu ile alipewa mtu mmoja, na sasa imeanza kumshika mwingine wa nyumbani kwangu, ambaye siku hiyo alikuwa darasani. Kwake yeye ni ukatili. Nawauliza walionibonyezea: hilo nalo mlilikusudia?*

*Wigbert Kibena, Kihonda, Morogoro.*

Demetria alikuwa amehariri ukurasa wa barua wa gazeti la *Mkazi* kwa miaka ishirini na mbili, na alikwishasoma kila aina ya uongo ambao binadamu anaweza kuutia sahihi. Wenye doa walimwandikia kila wiki. Wote walikuwa wameonewa. Wote vipande vyao vilikatwa, au vilipigwa upande mbaya, au aliyeonekana pale ni mtu mwingine anayefanana nao. Hakuwahi kupata barua ya mtu anayesema ni mimi, na nilicheka. Aliisoma tena toka mwanzo, na alijishangaa, maana alijidhania ameota sugu.

Alivaa miwani yake, akalitamka jina.

Kipande kilijitokeza hewani mbele ya dawati, sekunde kumi na moja. Geti la bluu. Mwanamke chini, kanga imemlegea kiunoni, kiganja amekishikiza kwenye chuma. Upande wa pili mwanaume mwenye sare, mdomo wazi, meno yote nje. Chini ya picha, kwa tarakimu nyekundu, idadi ya watu waliobonyeza kitufe: *Aibu 212,408*. Pembeni, kwa tarakimu ndogo za kijivu ambazo mtu hazioni mpaka azitafute: *Samahani 311*.

Ndivyo doa lilivyokuwa likifanya kazi tangu sheria yake ipite. Yeyote aliweza kupandisha kipande. Watu elfu kumi wakibonyeza Aibu ndani ya siku saba, kipande kiligandishwa kwenye sura ya mhusika, na toka hapo kila miwani na kila geti la mji likimsoma uso lilikionyesha. Kulifuta, walitakiwa watu wa kubonyeza Samahani wafikie idadi ile ile ya Aibu. Hakuna aliyewahi kufikisha. Kosa husambazwa na kila mtu, ila masahihisho husomwa na wale wachache wanaohusika. Mhariri yeyote angeweza kuwaambia hivyo waliotunga sheria, ila hawakuuliza.

* * *

Ukurasa wa barua wa *Mkazi* ulikuwa na masharti mawili ambayo hayakuwa yamevunjwa hata mara moja. La kwanza, hakuna barua bila jina la kweli na mahali anapoishi mwandishi. La pili lilikuja baada ya mashine kujifunza kuiga sauti na maandishi ya watu: mhariri lazima amwendee mwandishi, akae mbele yake, na mwandishi aisome barua yake kwa sauti. Anayeandika uongo, Demetria aligundua, hujikwaa mahali pale pale.

Jumanne saa nne asubuhi alibisha hodi kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, Kihonda. Aliyefungua mlango alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa hivi, mwembamba, amevaa fulana ya njano, mikono ina povu la sabuni.

"Shikamoo, mama."

Demetria hakuitika. Miwani yake ilikuwa imeshtuka kwa mlio mfupi, na uso wa yule msichana ulikuwa umetoweka. Mahali pake palikuwa na geti la bluu, mwanamke chini, na yale meno. Msichana aligeuka kidogo kufuta povu kwenye kanga iliyoning'inia, na kipande kikakatika, akaonekana shavu lake na kipini kidogo puani. Akageuka tena. Meno.

"Mama? Umepatwa na nini?"

Demetria aliivua miwani kwa haraka mpaka ikamkwaruza sikioni.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Natoka gazeti la *Mkazi*. Namtafuta mzee Kibena."

"Ni baba." Msichana aliitazama ile miwani mkononi mwa mgeni, akaelewa. Alionekana amezoea kuelewa. "Imekuonyesha, sio? Nikitazama mbele hivi inanishika. Nikigeuka inaniacha. Mwaka juzi nilikuwa nafanana na baba asilimia sabini na nne. Sasa nimekua, uso umekomaa, nimefika themanini na moja. Doa linashika kuanzia themanini."

Alilitaja kama mtu anavyotaja urefu wake. Jina lake lilikuwa Emerensiana, nyumbani wakimwita Eme. Alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Mwisho wa kuripoti ulikuwa Ijumaa saa sita mchana, na asiyeripoti nafasi yake inapewa mwingine. Siku ya usaili alipita geti la chuo kwa kuingia amegeuza kichwa upande, kama anayeongea na mtu.

"Nitafanya hivyo hivyo kila siku miaka mitatu," alisema. "Shingo itazoea."

"Hujapeleka malalamiko ya kutenganishwa sura?"

"Nimepeleka. Jibu ni ndani ya siku mia na themanini."

Wigbert Kibena alitoka chumba cha ndani. Demetria alikuwa amejiandaa kukutana na yale meno. Akakutana na mzee aliyekonda, mashavu yameingia ndani, amevaa shati lililopigwa pasi kwa ajili ya mgeni. Alisalimia, akaketi kwenye stuli, akapokea barua yake.

"Dada, lazima niisome mwenyewe?"

"Ndiyo utaratibu wetu, kaka. Bila hivyo siwezi kuichapa."

Alimtazama binti yake. "Eme, nenda kasuuze nguo."

"Nakaa," Eme alisema. "Si barua ya kunitetea mimi? Nakaa nisikie."

Mzee akaanza. Alisoma taratibu, kama anayesoma tangazo la msiba. Alipofika *changu hakikukatwa* Eme aliinua kichwa. Alipofika *nilicheka* alisema, "Baba, hapo umekosea," kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. Mzee hakusimama. *Nilimcheka yeye, namna alivyokaa.*

Sabuni ilikuwa imekauka kwenye mikono ya Eme. Alisimama pale katikati ya sebule.

"Uliniambia walikata," alisema. "Uliniambia kuna fundi wa simu alikuchekesha pale pembeni, wakamkata. Baba. Nimepigana shuleni kwa ajili ya huyo fundi. Nilivunjwa jino hili hapa, na nikawaambia hamjui, kuna mtu amekatwa pale pembeni."

"Hakukuwa na mtu," alisema baba yake.

Demetria alitamani sana awe mahali pengine popote. Alikuwa amelitumia sharti lile mara mamia na kujisifia nalo kwenye semina, na hata siku moja hakuwahi kufikiria nani mwingine yuko chumbani wakati mtu anasomeshwa barua yake.

Eme aliondoka bila kuupiga mlango. Walimsikia uani akisuuza nguo, maji yakimwagika na kumwagika.

"Kaka," Demetria alisema alipoweza, "ikichapwa kwa jina lako watu watakutafuta upya. Doa likitafutwa sana linapata moto. Unajua hilo?"

"Najua."

"Naweza kuandika 'jina limehifadhiwa'. Nitakuwa nimevunja sharti, lakini naweza kuwaambia wakubwa zangu..."

"Walionibonyezea wote majina yao yamehifadhiwa," alisema mzee. "Laki mbili na ushee, sijui hata mmoja. Mimi nikiongea nikiwa nimejificha, tutakuwa hatuna tofauti. Weka jina au irudishe."

Nje, Eme alimsindikiza Demetria mpaka barabarani, macho mekundu, uso amegeuza pembeni kwa mazoea.

"Mama, nakuomba. Ichape, watu wajue kuhusu sura. Ila ficha jina. Mpaka Ijumaa tu ipite. Au ichape Jumamosi."

Ukurasa wa barua ulitoka Alhamisi, na Alhamisi tu. Demetria alisema atalifikiria, na njia nzima alilifikiria, asione pa kutokea. Akimficha mzee, barua inakuwa moja ya zile za kulalamika ambazo hakuna anayeziamini. Akimtaja, anaweza kumfungia binti geti. Akiichelewesha wiki, mjadala unafungwa, maana Bunge lingejadili marekebisho ya sheria ya doa Jumatatu na wabunge walisoma *Mkazi*.

* * *

Kulikuwa na mtu mmoja zaidi aliyepaswa kuulizwa. Anayetajwa kwenye barua kwa ubaya au kwa uchungu hupewa nafasi ya kusema. Demetria alimpigia Hidaya Salehe, yule mama wa getini, mchana wa Jumanne, akamweleza, akamsomea barua yote. Upande wa pili kulikuwa na mlio wa cherehani, kisha cherehani ikanyamaza.

"Kumbe kweli alicheka," Hidaya alisema.

"Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa nimempa mgongo, dada. Nilikuwa nimeshika chuma, naona miguu yangu tu, sisikii kitu kwa uchungu. Kicheko nilikiona kwenye kipande, kama nyie wote. Kila siku nikajiuliza labda mdogo wangu aliyerekodi alinasa bahati mbaya tu, labda yule baba alikuwa anapiga chafya. Miaka mitatu najiuliza kama nimemwonea." Akavuta pumzi. "Sasa nikuambie kuhusu haki na ukatili. Nilikwenda polisi mara nne. Mara nne. Nilikaa kwenye benchi na maziwa yananitoka, kanga imelowa, na mtoto wa kunyonya sina. Aliyenisikiliza ni nani? Doa. Watu laki mbili ambao siwajui walisema tumekuona. Asije mtu akaniambia huo ni ukatili."

"Sitakuambia hivyo."

"Huyo mwingine wa nyumbani kwake ni nani?"

Demetria alimwambia. Umri, fulana ya njano, chuo cha uuguzi, Ijumaa saa sita, shingo. Cherehani ikaanza tena, ikashona mshono mmoja, ikasimama.

"Nitaandika," alisema mwishoni. "Mistari michache. Uje uisikilize, si ndiyo mnavyofanya?"

Baada ya simu, Demetria alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliingia kwenye kumbukumbu za akaunti yake mwenyewe, zile ambazo mtu hajisumbui kuzifungua, akatafuta. Aliikuta kwenye mstari wa elfu moja na kitu. *Machi 14, saa 7:22 mchana. Kibena W. Aibu.* Kabla yake, sekunde kumi na tano nyuma, alikuwa amembonyezea mtu mwingine. Baada yake, sekunde ishirini mbele, alikuwa ameagiza wali na maharage.

Alijaribu kukumbuka. Alifumba macho na kujilazimisha. Hakukumbuka hasira, wala huruma, wala uso. Alikumbuka kwamba Machi ile maharage ya kantini yalikuwa na chumvi nyingi. Akaenda chooni, akasimama mbele ya sinki maji yakitiririka bure.

Aliporudi alitafuta namna ya kuiondoa Aibu yake. Ilikuwepo, chini kabisa, na ilimuuliza mara tatu kama ana hakika. Tarakimu ikashuka. *212,407.*

* * *

Jumatano jioni barua mbili zilikuwa zimepangwa ubavu kwa ubavu, zote kwa majina kamili. Demetria alikuwa ameamua. Juu ya barua hizo aliandika maneno machache ya mhariri, na akafanya lisilofanywa pale: akayatia sahihi. *Mimi, Demetria Mkude, nilibonyeza. Sikumbuki nilichokuwa nawaza. Kama nawe ulibonyeza, tuandikie, kwa jina lako.* Alijiona jasiri. Alijiona, kusema kweli, mtu mwema sana.

Mlali, mpangaji wa kurasa, alimwonyesha kwenye kioo. "Dada Deme, nimebakiwa na nafasi hapa katikati. Nipe sentensi ya kisanduku."

Kila mhariri wa barua ana mkono wa kufanya hivi. Unapitisha jicho, unachukua sentensi yenye makali, unaiweka ndani ya kisanduku kwa herufi kubwa ili msomaji asimame. Demetria alikuwa amechagua visanduku zaidi ya elfu moja.

"*Nilicheka. Nilimcheka yeye, namna alivyokaa*," alisema, akaenda kuchukua koti lake.

Alhamisi asubuhi, kabla hajafika ofisini, mtu alikuwa amepiga picha kile kisanduku. Si barua. Kisanduku tu, na jina chini yake. Saa tatu kilikuwa kimebandikwa kando ya kipande cha zamani, na maneno: *MIAKA MITATU BAADAYE ANAJIVUNIA.* Saa nne mtu alikuwa amemtengenezea mzee Kibena sauti ya bandia, ikisoma zile sentensi mbili na kucheka. Saa tano watu walikuwa wamejua nyumba. Tarakimu nyekundu Demetria hakuweza kuisoma kwa sababu haikusimama: laki mbili na arobaini, laki tatu, laki tatu na themanini.

Alikaa mbele yake kama aliyepigwa kofi na mtu asiyemjua. Yeye ndiye aliyekata kipande. Katika barua iliyoanza kwa kusema *changu hakikukatwa*, yeye, kwa mkono wake, alikuwa ameikata.

Barua ya Hidaya hakuna aliyeipiga picha. Mwaliko wa mhariri ulijibiwa na watu wawili. Mmoja aliuliza nafasi za matangazo.

Simu ya Eme ilikuja saa saba. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

"Mama, nimejaribu. Nimeenda chuo leo, nikasema nisingoje kesho. Nimegeuza shingo. Haikuniacha. Nikageuza huku, haikuniacha. Mlinzi anasema doa likipata moto mtambo unalegeza kiwango, ili mwenye doa asijifiche kwa ndevu wala barakoa. Sasa linashika kuanzia sitini na tano. Nimepita sokoni, watu wananitemea mate. Wananiita kwa jina la baba."

"Eme, mwanangu..."

"Nilikuomba Jumamosi," alisema Eme, na simu ikakatika.

* * *

Ijumaa saa tano na nusu Demetria alisimama kwenye geti la chuo, bila miwani, na barua ya utambulisho ya gazeti mkononi. Alikuwa ameionyesha mara tatu. Mlinzi, kijana nadhifu mwenye miwani ya kazi, alikuwa na adabu kila mara.

"Mama, mimi sina ugomvi na huyu dada. Lakini mtambo umekataa. Nikifungua kwa mkono, kesho doa ni langu. Utaratibu ni sura isome safi."

*Utaratibu.* Eme alisimama hatua mbili nyuma, sanduku la bati miguuni, amevaa nguo nyeupe mpya. Hakuwa akigeuza uso tena. Aliangalia mbele tu. Wanafunzi waliopita walimtazama, wakashtuka, wakainua mikono kwenye fremu za miwani kurekodi. Demetria alisimama mbele yake kumkinga, na alijua kabisa inavyoonekana: mhariri aliyemuuza binti wa watu kwa kisanduku, sasa anamkinga na jua.

"Nenda nyumbani, mama," Eme alisema nyuma yake. "Nitasubiri mwenyewe mpaka saa sita ifike. Nataka nione ikifika."

Bajaji ilisimama ng'ambo ya barabara. Mwanamke mfupi akashuka, tepu ya kushonea bado imemning'inia shingoni, akavuka bila kuangalia magari. Demetria alikuwa amekaa naye Jumatano kumsikiliza akisoma mistari yake, kwa hiyo alimtambua. Hakuwa amemwita. Hakuwa na uso wa kumwita.

Hidaya alifika, akamtazama Eme. Hakuwa na miwani. Alikuwa akiutazama uso wenyewe, paji, pua, midomo, na Demetria aliona alichokuwa akikiona, kwa sababu binti alifanana na baba yake kweli. Kwa muda ilionekana atageuka na kurudi kwenye bajaji, na hakuna ambaye angemlaumu.

Kisha akalisogelea geti, akaweka kiganja kwenye chuma.

"Fungua," alimwambia mlinzi.

"Mama, samahani, mtambo..."

"Mtambo wako unakuonyesha nini hapo kwenye miwani?"

Kijana alisita. "Ni... ni kile kipande, mama. Cha mlinzi."

"Kuna mwanamke hapo chini. Mtazame."

Alimtazama. Sekunde kumi na moja ni ndefu ukisubiri zipite. Demetria aliona macho yake yakitoka kwenye kioo cha miwani, yakishuka kwenye kile kiganja kilichoshika chuma, yakipanda usoni, yakirudi kwenye kiganja.

"Mimi ndiye niliyefungiwa," Hidaya alisema. "Huyu hakunifungia. Alikuwa darasani. Fungua."

Kijana alivua miwani yake. Aliikunja, akaiweka mfukoni mwa shati, akatafuta ufunguo wa mkono ambao yumkini hakuwahi kuutumia. Geti liligoma, likaachia, likafunguka kwa mlio wa chuma.

Eme aliinua sanduku lake. Alipofika usawa wa Hidaya alisimama, akapiga magoti kidogo kama mtoto anayesalimia, na midomo ikamcheza bila kutoa neno. Labda alitaka kushukuru. Labda alitaka kuomba radhi kwa jambo ambalo mpaka Jumanne alikuwa akilipigania kwamba halikutokea.

"Pita, saa sita inafika," Hidaya alimwambia. "Na ukimaliza humo ndani, akija mtu hana kadi, unajua la kufanya."

"Ndiyo, mama."

Eme akaingia. Hidaya alibaki ameshika chuma mpaka yule binti alipopotea kwenye mlango wa usajili, ndipo akatoa mkono na kuufuta kwenye gauni. Alimgeukia Demetria, na uso wake haukuwa na upole hata chembe.

"Ukimwona baba yake," alisema, "mwambie sijamsamehe. Na hilo usilikate."